Maswali yanayoulizwa mara kwa mara baada ya somo la ufunguzi: mashine pepe yako ya kwanza

Majibu haya yanafuata mpangilio wa somo la kwanza la warsha, pale mkufunzi anapoeleza mashine pepe ni nini na kila mmoja anaunda ya kwake. Mifano yote inatumia programu ya VirtualBox juu ya Windows, na ndani yake tunasakinisha mfumo endeshi wa Debian wenye mandhari ya Xfce, kwa sababu ni nyepesi na haina malipo. Maneno yanayoonekana kwenye skrini tumeyaacha yalivyo ili uyatambue ukiyakuta. Huenda yakatofautiana kidogo kulingana na toleo la programu ulilonalo.

Mkufunzi alisema mashine pepe ni "kompyuta nzima ndani ya dirisha". Ni kompyuta kweli, au ni programu tu?

Ni programu inayojifanya kompyuta, na inajifanya vizuri kiasi kwamba mfumo endeshi uliowekwa ndani yake hauhitaji kujua tofauti. VirtualBox huuonyesha mfumo huo diski, kadi ya mtandao, kadi ya video na kibodi. Diski hiyo kwa kweli ni faili moja kwenye diski yako halisi, kwa kawaida yenye jina linaloishia na `.vdi`. Kadi ya mtandao haipo popote, ni msimbo tu. Prosesa ndiyo peke yake isiyoigizwa: maagizo ya mashine pepe hupita moja kwa moja kwenye prosesa yako halisi, na ndiyo maana kasi yake inakaribia ile ya kawaida.

Maneno mawili utayasikia siku nzima. Mwenyeji ni kompyuta uliyoishika mkononi pamoja na Windows yake. Mgeni ni mfumo ulio ndani ya dirisha. Kitu kikikataa kufanya kazi, swali la kwanza la mkufunzi litakuwa kama tatizo liko kwa mwenyeji au kwa mgeni, kwa hiyo zoea kuyatumia mapema.

Teknolojia hii ni mpya?

Hapana. IBM walikuwa nayo kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 walitangaza VM/370. Kilichoirahisisha kwenye kompyuta za kawaida ni prosesa zenye uwezo huo ndani yake: Intel walianza kutoa zenye VT-x mwaka 2005, na AMD wakafuata na AMD-V mwaka 2006. Kumbuka majina hayo mawili, maana yanarudi hapa chini na ndiyo chanzo cha usumbufu mwingi wa siku ya kwanza.

Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya gigabaiti 8. Inatosha?

Inatosha, ila ugawe kwa hesabu. Usianzie kwenye 8, anzia kwenye kilichobaki. Fungua programu utakazozihitaji wakati wa somo, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager ifunguke, nenda Performance kisha Memory, usome penye Available. Tuseme umekuta 4.2. Mpe mgeni takriban nusu ya hiyo, yaani megabaiti 2048. Debian yenye mandhari inapendekeza gigabaiti 2, kwa hiyo hujambana.

Kwa nini usimpe 6 ili aende mbio? Kwa sababu kumbukumbu aliyopewa mgeni hutolewa kwenye ile ile ya mwenyeji. Ukimpa 6, Windows hubaki na 2 na huanza kuhamishia mambo yake kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu. Dalili yake haifichiki: kipanya kinaruka ruka, taa ya diski haizimiki, na madirisha yote yanazubaa, la mgeni na la mwenyeji pia. Wengi wakiona hivyo huenda kumwongezea mgeni kumbukumbu, na hapo hali huharibika zaidi. Dawa ni kumzima mgeni na kumpunguzia.

Kwa prosesa, mpe viini 2 kama kompyuta ina 4 au zaidi. Kwa diski, andika gigabaiti 20. Hizo 20 ni kikomo tu, hazikatwi siku hiyo hiyo. Usipoweka alama kwenye Pre-allocate Full Size, faili ya diski huanza ikiwa ndogo sana na kukua kadiri mgeni anavyoandika. Baada ya kusakinisha Debian na Xfce huwa imefika gigabaiti chache. Lakini ijue tabia yake: hukua, wala haipungui yenyewe. Ukifuta faili kubwa ndani ya mgeni, nafasi hiyo hairudi kwa mwenyeji. Na diski ya mwenyeji ikijaa kabisa mgeni akiwa kazini, VirtualBox humsimamisha na kuonyesha ujumbe wenye neno `DrvVD_DISKFULL`. Usiogope. Futa vitu kwa mwenyeji, kisha mruhusu mgeni aendelee kutoka pale aliposimama.

Nimebonyeza Start, nikapata ujumbe mwekundu wenye VT-x au AMD-V. Kompyuta yangu ni mbovu?

Karibu kila mara si mbovu. Uwezo wenyewe upo ndani ya prosesa, ila umezimwa kwenye mpangilio wa msingi wa kompyuta, ule wa BIOS au UEFI. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa hivyo. Kwenye Intel, ujumbe huwa na `VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED`, na kwenye AMD huwa na `VERR_SVM_DISABLED`.

Hakikisha kwanza kabla hujagusa chochote. Fungua tena Task Manager, nenda Performance kisha CPU, utafute mstari wa Virtualization. Ukisema Disabled, umepata mchawi.

Kuufikia mpangilio huo kwa kubonyeza F2, F10, Esc au Del wakati kompyuta inawaka ni kubahatisha, kwa sababu kila mtengenezaji ana kitufe chake. Njia ya uhakika zaidi ni kupitia Windows yenyewe: Settings, System, Recovery, kisha Restart now penye Advanced startup. Skrini ya bluu ikija, chagua Troubleshoot, Advanced options, halafu UEFI Firmware Settings. Ukiingia, tafuta Intel Virtualization Technology, au SVM Mode kama prosesa ni AMD. Mara nyingi huwa chini ya Advanced, CPU Configuration au Security. Iweke Enabled, hifadhi, utoke. Mabadiliko yasipoonekana, zima kompyuta kabisa kisha uiwashe, maana kuna zinazohitaji kuzimwa kweli, siyo kuwashwa upya tu.

Tahadhari moja, na hii tungeomba isipuuzwe: kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, kubadili mpangilio wa msingi kunaweza kufanya Windows idai ufunguo wa kurejesha itakapowaka. Hakikisha unao kabla ya kuanza. Kama kompyuta ni ya ofisi na ufunguo uko kwa watu wengine, usiubadilishe mpangilio huo warshani. Tumia kompyuta nyingine kwa siku hiyo.

Virtualization inasema Enabled, lakini mgeni anatambaa kama konokono.

Tazama upande wa chini wa dirisha la mgeni, kwenye safu ya aikoni ndogo. Ukiona kobe wa kijani, maana yake Windows imekwisha kuushika uwezo wa prosesa kwa ajili ya Hyper-V, programu yake yenyewe ya mashine pepe, na VirtualBox inapitia humo kwa mlango wa nyuma. Inafanya kazi, ila polepole. Kipengele cha Memory integrity kilicho ndani ya Windows Security, chini ya Core isolation, nacho hutumia Hyper-V, hata kama hujawahi kuiwasha mwenyewe.

Kwa somo la kwanza tunashauri uvumilie tu. Memory integrity ni ulinzi wa kweli wa kompyuta yako, na kuuzima ili zoezi la nusu siku liende haraka ni biashara mbaya.

Sakinishi inaniambia itatumia diski nzima na kufuta kila kitu. Picha na kazi zangu zitapona?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na anayeliuliza ana akili timamu. Ujumbe huo ungekuja kwenye kompyuta halisi, ungemaanisha hivyo hivyo unavyosomeka. Hapa "diski nzima" ni diski anayoiona mgeni, na mgeni haoni nyingine zaidi ya ile faili ya `.vdi`. Diski yako halisi haimo kwenye orodha yake hata kidogo.

Usikubali kwa maneno yetu tu, soma skrini. Debian ikifika kwenye kugawa diski, chagua Guided - use entire disk, na skrini inayofuata itakuonyesha mstari wa namna hii:

```
SCSI1 (0,0,0) (sda) - 21.5 GB ATA VBOX HARDDISK
```

Kuna ushahidi wa aina mbili. Jina VBOX HARDDISK linatoka VirtualBox, na hakuna diski ya dukani yenye jina hilo. Na ukubwa ni ule ule uliouandika: VirtualBox huhesabu gigabaiti kwa 1024, Debian huhesabu kwa 1000, kwa hiyo 20 yako inasomeka 21.5. Ukikuta jina la mtengenezaji wa diski, au ukubwa wa diski yako halisi kama 256 au 500, simama hapo hapo umwite mkufunzi. Maana yake hufanyi kazi ndani ya dirisha. Kuna namna moja ya kulifikia kosa hilo: kuwasha kompyuta yenyewe kwa flashi ya kusakinishia, badala ya kuifungua faili ya ISO, ile yenye sakinishi ndani yake, ndani ya VirtualBox. Ndiyo sababu warshani flashi hutumika kubebea faili tu, na huchomolewa mara baada ya kunakili.

Mwisho wa hatua hiyo utaulizwa Write the changes to disks?, na jibu lililowekwa tayari ni No. Wanaobonyeza Enter kwa mazoea hurudishwa nyuma na kudhani sakinishi imeharibika. Hamishia kwenye Yes kwanza, ndipo ubonyeze Enter.

Kuna sehemu nyingine za kusakinisha ambazo watu hukwama?

Ziko nne, na ya kwanza hutokea hata kabla sakinishi haijafunguka. Matoleo ya VirtualBox 7 yanaweza kujisakinishia mfumo yenyewe bila kukuuliza kitu. Ni rahisi, ila usipobadilisha chochote utapata mtumiaji `vboxuser` mwenye nenosiri `changeme`, na kwenye Debian mtumiaji huyo hatakuwa na ruhusa ya `sudo`, yaani ya kuendesha amri za msimamizi. Kwa anayejifunza, ni afadhali uweke alama kwenye Skip Unattended Installation uyapitie maswali mwenyewe.

Ya pili ni nenosiri la root, msimamizi mkuu wa mfumo. Ukiliacha wazi mara zote mbili, Debian humpa mtumiaji wa kwanza ruhusa ya `sudo`. Ukiliandika, hampi, na baadaye utashangaa amri za mkufunzi zinakataliwa kwako peke yako.

Ya tatu ni orodha ya mandhari. GNOME huwa imekwisha kuwekewa alama. Iondoe kwa kitufe cha nafasi, weka Xfce, kisha endelea. Ukiacha zote mbili, utasubiri muda mrefu zaidi na kupata mfumo mzito kwa gigabaiti zako 2.

Ya nne ni GRUB, programu inayoamsha mfumo. Ukiulizwa iwekwe wapi, chagua `/dev/sda`, usichague Enter device manually. Ukiiruka, usakinishaji utaisha salama na mgeni hataamka.

Nimemaliza kusakinisha, nimewasha upya, na sakinishi imeanza tena kutoka mwanzo!

Mgeni bado ana ISO kwenye kiendeshi chake cha CD, na anasoma humo kabla ya kusoma diski yake. Mzime, nenda Settings, Storage, bofya ISO, kisha chagua Remove Disk from Virtual Drive. Washa tena. Usisakinishe mara ya pili. Mfumo wako upo, unasubiri tu.

Kinyume chake pia hutokea. Ukiona No bootable medium found siku ya kwanza kabisa, mgeni hana ISO wala mfumo kwenye diski. Rudi pale pale Storage umpe ISO.

Kwa nini tunapewa ISO kwenye flashi badala ya kuipakua?

Watu ishirini wakivuta faili moja kwa wakati mmoja kwenye laini moja, hakuna anayemaliza. Na ile ISO ndogo ya Debian, netinst, hupakua mengine mengi wakati wa kusakinisha, kwa hiyo warshani tunapendelea ISO kamili yenye mandhari ndani yake.

Kunakili kwa flashi kuna kasoro yake: faili inaweza kukatika njiani kama flashi ilichomolewa mapema. Dalili ni sakinishi inayokwama katikati na kulalamika kwamba haiwezi kusoma. Unaweza kukagua kabla ya kuanza:

```
certutil -hashfile debian.iso SHA256
```

Linganisha herufi na tarakimu utakazopata na zile zilizochapishwa na Debian pamoja na ISO hiyo. Zikitofautiana hata kwa moja, nakili upya.

Kipanya changu kimekwama ndani ya dirisha.

Bonyeza Ctrl ya kulia mara moja. Kitaachiwa.

Mgeni anapataje intaneti wakati sijamwambia nenosiri la waifai?

Haoni waifai. Anaona waya wa mtandao uliochomekwa, ambao ni wa kuigiza, na VirtualBox huchukua maombi yake na kuyatuma kama programu nyingine yoyote ya mwenyeji. Utaratibu huo unaitwa NAT na ndio uliowekwa tangu mwanzo. Mwenyeji akiwa na intaneti, mgeni naye anayo. Jaribu:

```
ip a
ping -c 3 deb.debian.org
```

Amri ya kwanza itakuonyesha anwani 10.0.2.15. Jirani yako naye atakuwa na 10.0.2.15, na hamgongani, kwa sababu kila mgeni yuko kwenye mtandao wake mdogo ulio ndani ya kompyuta yake. Hiyo pia ndiyo sababu mgeni wako hawezi kumfikia mgeni wa jirani. Wakihitaji kuonana tutatumia Bridged Adapter, lakini siyo leo.

Nizime vipi?

Zima kutoka ndani ya mgeni, kama kompyuta yoyote. Ukifunga dirisha kwa alama ya X, utapewa njia tatu. Save the machine state humgandisha mgeni alivyo, na ukirudi anaendelea hapo hapo. Send the shutdown signal humwomba ajizime. Power off the machine ni sawa na kung'oa waya ukutani, na inaweza kuharibu faili alizokuwa anaandika. Itumie akiwa amegoma kabisa.

Snapshot ni nakala ya akiba?

Hapana, na hili linawaponza hata wazoefu. Snapshot ni alama ya mahali pa kurudi. Ukiichukua, VirtualBox huacha kuandika kwenye faili ya diski ya awali na kufungua faili mpya ya mabadiliko pembeni. Ukiharibu kitu, faili ya mabadiliko hutupwa nawe unarudi pale. Ni nzuri mno kwa mafunzo: chukua moja mara tu Debian inapoamka salama, mgeni akiwa amezimwa, uipe jina linaloeleweka.

Lakini faili hizo zinategemeana na zote ziko kwenye diski moja. Diski ya mwenyeji ikifa, zinakufa pamoja. Na mtu akiingia kwenye folda akafuta faili moja "asiyoijua" ili kupata nafasi, mnyororo umekatika na mgeni haamki tena. Snapshot huondolewa ndani ya VirtualBox tu, kamwe si kwa kufuta faili kwa mkono.

Basi nikitaka kumpeleka mgeni wangu nyumbani?

Mzime, kisha File, Export Appliance. Utapata faili moja ya `.ova`. Hapa flashi nyingi hugoma kwa ujumbe kwamba faili ni kubwa mno, ingawa nafasi ipo tele. Flashi hizo zimepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja ya gigabaiti 4 au zaidi. Ipange upya kwa exFAT, ukijua kwamba kilichomo kitafutika. Na kama nyumbani una kompyuta ya Apple yenye prosesa ya M1 au ya baadaye, mgeni huyu hatawaka huko: amejengwa kwa prosesa za aina ya Intel na AMD, nazo zile ni ARM. Utahitaji kusakinisha mgeni mpya wa Debian ya ARM.

Nikifungua faili yenye virusi ndani ya mgeni, mwenyeji yuko salama?

Yuko salama zaidi, si salama kabisa. Ukuta kati yao ni imara, lakini wewe mwenyewe unaweza kuutoboa kwa kuwasha Shared Folders zenye ruhusa ya kuandika, au Shared Clipboard. Kirusi kikifika kwenye folda ya pamoja, kimefika kwa mwenyeji. Viache vyote viwili vimezimwa mpaka uwe na sababu.

Sitaki tena. Naiondoaje bila kuacha takataka?

Bofya jina la mgeni kwa kitufe cha kulia, chagua Remove, kisha Delete all files. Ukichagua Remove only, jina litatoweka kwenye orodha lakini faili ya `.vdi` itabaki imekalia nafasi yake. Kama ulikwisha kufanya hivyo, utaikuta ndani ya folda ya VirtualBox VMs, chini ya folda yako ya mtumiaji.